Mabano Yasiyolingana na Sehemu Zilizozidi: Kujenga Fomula ya IF ya Kutoa Madaraja

Utangulizi

Kila mwisho wa muhula mwalimu wa shule ya msingi hupaswa kuzigeuza alama za wanafunzi wake kuwa madaraja. Darasa la wanafunzi 90 wenye masomo sita humdai mwalimu aamue madaraja 540, na kila moja ya hayo huandikwa katika ripoti ambayo mzazi ataisoma na mtoto ataikumbuka. Mwalimu aliye na kompyuta aghalabu huifanya kazi hii kwa lahajedwali, kama ile ya Excel, akiiandikia fomula moja na kuinakili mpaka mwisho wa orodha. Kwa hiyo fomula moja ikiwa na kosa, kosa hilo nalo hunakiliwa mpaka mwisho wa orodha.

Wanachuo wengi huanza vizuri wanapotafuta madaraja mawili tu, yaani kufaulu na kushindwa. Wanapofika madaraja matano, fomula hukataliwa. Wakati mwingine kompyuta hudai kwamba mabano hayalingani, na hutoa pendekezo lake la kusahihisha kwa maneno haya:

```
We found a typo in your formula and tried to correct it to:
```

Wakati mwingine hutoa ujumbe huu:

```
You've entered too many arguments for this function.
```

Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba jumbe hizi mbili, ingawa zaonekana kuwa tofauti, mara nyingi huzaliwa na kosa la namna moja: bano lililowekwa mahali pasipo pake. Tutaonyesha pia namna ya kulitafuta bano hilo, na namna ya kuijenga fomula ili kosa lisipate nafasi ya kuingia.

1. IF moja na sehemu zake tatu

Kabla ya kuzipanga IF nyingi, hapana budi tuielewe moja. Tuseme alama ya mwanafunzi imeandikwa katika seli B2. Fomula hii hutoa uamuzi kati ya mawili:

```
=IF(B2>=41,"A","?")
```

Ndani ya mabano mna sehemu tatu zilizotenganishwa kwa mikato miwili. Sehemu ya kwanza ni swali: je, alama iliyo katika B2 ni 41 au zaidi? Sehemu ya pili ni jibu litakalotolewa ikiwa ni kweli. Sehemu ya tatu ni jibu litakalotolewa ikiwa si kweli. Neno `arguments` linaloonekana katika ujumbe wa kompyuta lina maana ya sehemu hizi. IF haipokei sehemu ya nne kwa hali yoyote, na huo ndio msingi wa malalamiko ya kompyuta ya kuwa sehemu zimezidi.

Yafaa ieleweke kwamba mkato ndio ukuta kati ya sehemu na sehemu. Katika kompyuta zilizopangwa kwa desturi ya nchi zinazoandika desimali kwa mkato, kama ilivyo kwa watumiaji wengi wa Kifaransa huko Kongo na Burundi, ukuta huo huwa nukta mkato. Kanuni yenyewe haibadiliki.

2. IF ndani ya IF

Tuchukue somo lenye alama 50, na madaraja matano: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 0 hadi 10. IF moja huweza kuamua mambo mawili tu. Ili kuamua mambo matano twahitaji IF nne, na kila inayofuata hukaa ndani ya sehemu ya tatu ya ile iliyotangulia. Mfano wake ni sufuria za ukubwa mbalimbali zilizowekwa moja ndani ya nyingine: sufuria ndogo haikai kando ya kubwa, hukaa tumboni mwake. Fomula kamili ni hii:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B",IF(B2>=21,"C",IF(B2>=11,"D","E"))))
```

Kompyuta huisoma kutoka kushoto. Mwanafunzi mwenye alama 34 huulizwa kwanza kama amefikia 41. Hakufikia, basi huingia katika sehemu ya tatu, ambamo hukutana na swali la pili: je, amefikia 31? Amefikia, hivyo hupewa B na maswali mengine hayaulizwi. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuuliza kama alama yake ni 40 au pungufu, maana kila aliyevuka 40 na kufikia 41 amekwisha kuondolewa katika swali la kwanza.

Wanachuo wengine hupenda kutaja mipaka yote miwili kwa kutumia AND, wakiandika `IF(AND(B2>=31,B2<=40),"B",` na kuendelea hivyo. Njia hii ina hasara mbili. Kwanza, huongeza jozi moja ya mabano kwa kila daraja, na hivyo huzidisha nafasi za kukosea. Pili, huacha mwanya kati ya madaraja. Mwanafunzi aliyepata 40.5 si wa A wala wa B; hupita katika maswali yote bila kupokelewa, kisha huangukia E. Katika fomula yetu ya hapo juu, mtoto huyohuyo hupata B.

3. Kuyahesabu mabano kwa kina

Katika fomula sahihi mna IF nne, mabano manne ya kufungua na mabano manne ya kufunga. Mwanachuo akiandika matatu tu mwishoni, kompyuta hugundua upungufu na hupendekeza kuliongeza la nne. Katika hali hiyo pendekezo huwa sahihi. Hata hivyo tusijizoeze kulikubali kila pendekezo bila kulisoma, kwa kuwa kompyuta hujua hesabu ya mabano, lakini haijui madaraja ya shule yetu.

Zaidi ya hayo, idadi sawa ya mabano haitoshi kuthibitisha usahihi. Hebu tuitazame fomula hii:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B"),IF(B2>=21,"C",IF(B2>=11,"D","E")))
```

Ukihesabu utapata mabano manne ya kufungua na manne ya kufunga. Yanalingana. Lakini ukibonyeza kitufe cha Enter, kompyuta itakataa na kusema kuwa sehemu zimezidi. Mwanachuo asiyefahamu sababu hushangaa, kwa kuwa hakuongeza neno lolote. Madaraja ni yaleyale matano na maswali ni yaleyale manne.

Dawa yake ni kuyahesabu mabano kwa kina wala si kwa idadi. Tuanze na 0. Kila tunapokutana na bano la kufungua tuongeze 1. Kila tunapokutana na bano la kufunga tupunguze 1. Na tuiandike namba chini ya bano lenyewe:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B"),IF(B2>=21,"C",IF(B2>=11,"D","E")))
   1             2          1   2             3              210
```

Katika ngazi ya madaraja iliyo sawa, namba hupanda 1, 2, 3, 4 bila kushuka, na huanza kushuka baada ya daraja la mwisho tu: 3, 2, 1, 0. Hapa namba imeshuka kutoka 2 hadi 1 mara tu baada ya "B". Maana yake ni kwamba IF ya pili imefungwa mapema, na sasa tumerudi ndani ya IF ya kwanza. Tuzihesabu basi sehemu za IF hiyo ya kwanza: swali lake ni la kwanza, "A" ni ya pili, IF ya B iliyofungwa ni ya tatu, na yote yaliyosalia baada ya mkato unaofuata ni ya nne. Hiyo ndiyo sehemu iliyozidi. Tiba ni kuliondoa bano lililo baada ya "B" na kulipeleka mwishoni.

Kwa hiyo mwanachuo aonapo ujumbe wa sehemu kuzidi, asianze kufuta maneno. Atafute kwanza mahali ambapo namba imeshuka kabla ya wakati wake. Hufaa pia achunguze kama pana mkato ulioingia pasipo kutakiwa. Akiandika `B2>=40,5` badala ya `B2>=40.5`, ile 5 huwa sehemu ya pili, na "A" husukumwa mpaka sehemu ya tatu.

Excel yenyewe husaidia katika uchunguzi huu. Ukiifungua seli kwa kitufe cha F2, mabano ya kila jozi hupewa rangi yake, na jozi ya nje kabisa huwa nyeusi. Ukiisogeza alama ya kuandikia kwa vitufe vya mishale, kila unapovuka bano, bano hilo na mwenzake hukoza kwa muda mfupi. Ukiona bano jeusi la kufunga katikati ya fomula ya madaraja, basi IF ya kwanza imefungwa kabla ya wakati wake.

4. Kujenga kwa kubadilisha sehemu ya tatu

Kutafuta kosa ni kazi ya lazima, lakini ni bora zaidi kulizuia. Wengi hukosea kwa sababu huandika fomula nzima kwa mfululizo, kisha hufika mwisho na kubahatisha idadi ya mabano. Twapendekeza njia ya hatua, ambayo huiacha fomula ikiwa sahihi kila wakati.

Hatua ya kwanza, andika IF moja iliyokamilika, ukiweka alama ya kuuliza mahali pa jibu ambalo hujaliamua, kama tulivyofanya katika sehemu ya 1. Bonyeza Enter. Mwenye 41 apate A, na wengine wote wapate alama ya kuuliza.

Hatua ya pili, futa alama ya kuuliza pamoja na alama zake za mtajo, wala usifute kitu kingine. Mahali pale pale andika IF nyingine iliyokamilika na mabano yake yote mawili:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B","?"))
```

Bonyeza Enter tena na uchunguze. Rudia hatua hii kwa C na kwa D. Mwisho kabisa, badilisha alama ya kuuliza iliyosalia kuwa E. Kwa njia hii hakuna wakati ambapo mabano hupungua, kwa sababu kila IF huingia ikiwa na bano lake la kufungua na la kufunga. Wala sehemu haziwezi kuzidi, kwa sababu kila mara tunaibadilisha sehemu moja kwa kitu kimoja.

Alama ya kuuliza ina faida nyingine. Mwanachuo akiisahau sehemu ya tatu ya IF ya mwisho na kuandika `IF(B2>=11,"D")`, kompyuta haitalalamika hata kidogo. Itamwandikia mtoto mwenye alama 7 neno `FALSE` mahali pa daraja lake. Alama ya kuuliza hutukumbusha kwamba nafasi hiyo bado yadai jibu.

5. Makosa ambayo kompyuta hainyamazishi wala haisemi

Fomula iliyokubaliwa si lazima iwe imetenda haki. Tutataja makosa mawili ambayo mabano yake yote ni sawa.

La kwanza ni mpangilio wa maswali. Mwanachuo akianza na `B2>=11` na kumalizia na `B2>=41`, mtoto mwenye alama 45 hujibiwa katika swali la kwanza kabisa: amevuka 11, basi apewe D. Darasa zima litapata D na E tu. Kwa ishara ya `>=` hapana budi kuanza na daraja la juu na kushuka.

La pili ni mtoto ambaye hakufanya mtihani. Mwalimu akiiacha seli yake tupu, Excel huihesabu kuwa 0 na humpa E. Mwalimu akiandika herufi X katika seli hiyo, jambo la ajabu hutokea: mtoto hupewa A. Sababu yake ni kwamba Excel, inapolinganisha maandishi na namba, huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote ile. Hivyo jibu la swali la kama X imefikia 41 huwa ni kweli.

Ili kuzuia hayo, twaweka mlango mbele ya ngazi yetu. Mlango huo huuliza kama kilichomo katika seli ni namba. Tunaanza tena kwa njia ileile ya alama ya kuuliza:

```
=IF(ISNUMBER(B2),"?","Hakufanya")
```

Kisha mahali pa alama ya kuuliza twaiweka ngazi yetu nzima:

```
=IF(ISNUMBER(B2),IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B",IF(B2>=21,"C",IF(B2>=11,"D","E")))),"Hakufanya")
```

Angalia kwamba safari hii ngazi imeingia katika sehemu ya pili wala si ya tatu. Kwa hiyo mabano manne hufungwa kabla ya neno "Hakufanya", na la tano hufungwa baada yake. Ukiyahesabu kwa kina utapata 1, 2, 1, kwa kuwa ISNUMBER hufunguliwa na kufungwa ndani ya swali, kisha 2, 3, 4, 5, na kushuka 4, 3, 2, 1, ndipo neno "Hakufanya" hufuata, na mwisho 0. Neno hilo lapaswa kukutwa kwenye kina cha 1. Mwanachuo akifunga mabano matatu tu kabla ya neno hilo na kuyaacha mawili mwishoni, neno hukutwa kwenye kina cha 2, ndani ya IF ya daraja la A, ambayo tayari ina sehemu tatu. Kompyuta itasema tena kwamba sehemu zimezidi, na sasa tunajua kwa nini.

6. Kuijaribu fomula kabla ya kuinakili

Majaribio hayahitaji alama nyingi, yahitaji alama za mipakani. Andika katika safu wima B alama hizi: 50, 41, 40, 31, 30, 21, 20, 11, 10 na 0. Majibu yapaswa kuwa A, A, B, B, C, C, D, D, E na E. Ongeza 40.5, ambayo yapaswa kutoa B, kisha seli tupu na seli yenye X, ambazo zote zapaswa kutoa neno "Hakufanya". Ikiwa hata jibu moja si sawa, usiinakili fomula. Alama ya 36 au 47 haifai kwa jaribio hili, maana hata fomula iliyowekewa `>41` badala ya `>=41` huijibu sawasawa, ilhali humnyima A mtoto mwenye 41.

7. Mpaka wa njia hii

Excel ya mwaka 2003 na zile za kabla yake ziliruhusu kuingiza ngazi 7 tu za fomula moja ndani ya nyingine. Tangu ile ya mwaka 2007 huruhusiwa ngazi 64. Ruhusa hiyo haimaanishi kwamba jicho la mwalimu laweza kuzifuata. Kwa madaraja matano IF yatosha. Yakiwa mengi zaidi, au mipaka yake ikibadilika mara kwa mara, ni afadhali kuyaandika madaraja katika jedwali dogo. Katika E2 hadi E6 weka 0, 11, 21, 31 na 41, ukianza na ndogo. Na katika F2 hadi F6 weka E, D, C, B na A. Kisha andika:

```
=VLOOKUP(B2,$E$2:$F$6,2,TRUE)
```

Hapa mna jozi moja tu ya mabano, na mpaka ukibadilika, mwalimu hubadilisha namba katika jedwali bila kuigusa fomula. Lakini hata hapa mlango wa ISNUMBER wahitajika, kwa kuwa seli tupu bado huhesabiwa kuwa 0.

Mazoezi

1. Yahesabu mabano ya fomula ifuatayo kwa kina, taja IF iliyopata sehemu ya nne, kisha uisahihishe kwa kulihamisha bano moja tu:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B",IF(B2>=21,"C"),IF(B2>=11,"D","E")))
```

2. Mwanachuo mmoja ameitengeneza fomula ya zoezi la 1 kwa kuifuta sehemu yote iliyozidi, hata kompyuta ikaikubali:

```
=IF(B2>=41,"A",IF(B2>=31,"B",IF(B2>=21,"C")))
```

Eleza ni wanafunzi wa alama zipi watakaoumizwa na ufumbuzi huo, na ni kitu gani kitakachoandikwa mahali pa madaraja yao.

3. Kwa njia ya alama ya kuuliza, ijenge upya fomula ya madaraja kwa somo lenye alama 100, ambapo A huanzia 81, B 61, C 41 na D 21. Andika alama 10 za mipakani utakazoijaribia, pamoja na jibu unalolitarajia kwa kila moja, kabla ya kuigusa kompyuta.